Paa Kwanza, Rangi Baadaye: Hotuba ya Kuanza Ukarabati wa Zahanati

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya fedha ya chama chetu katika kikao cha kwanza cha timu ya ukarabati, Maguu. Tunaichapa hapa ili kila aliyechanga, na kila anayekusudia kuchanga, ajue tulichokubaliana.)

 

Tunawashukuru kwa kuacha shamba siku ya kazi ili kuja kukaa hapa. Sisi tuliotoka mjini tumefika jana jioni, na jambo la kwanza tulilofanya ni kwenda kuiona zahanati. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Katika chumba cha kujifungulia tulikuta mabeseni mawili sakafuni, na kitanda kimesogezwa ukutani, mahali pekee ambapo maji hayadondoki. Muuguzi alituambia kwamba kila mvua ikianza kitu cha kwanza anachofanya ni kukisogeza kitanda, mama akiwa juu yake au asiwe. Hiyo ndiyo kazi iliyotuleta hapa.

Kabla hatujagawana kazi, inatupasa tuseme waziwazi jambo ambalo wengi wenu mnalijua na wengine mnalinong'ona. Hii si mara ya kwanza kwa chama chetu kuchangisha kwa ajili ya zahanati hii. Miaka iliyopita tulinunua mifuko 80 ya saruji. Ilikuja mwezi Novemba, mchanga ukiwa haujasombwa na fundi akiwa hajapatikana. Ikapangwa sakafuni, imeegemezwa ukutani, katika stoo tuliyoazimwa. Mvua za masika zilipokwisha tulihesabu mifuko 31 iliyokuwa imeganda kama mawe. Tulipouliza nani anawajibika, tulikuta mtu aliyeagiza ndiye aliyepokea, ndiye aliyetunza ufunguo, na ndiye aliyeandika daftari. Hakuiba. Kosa lilikuwa letu sote, kwa sababu tulimpa mtu mmoja kazi nne, halafu hatukumwekea mtu wa kumwangalia. Lakini wapo ndugu zetu walioko Songea, Dar es Salaam na Mbeya ambao tangu mwaka ule hawajachanga tena hata shilingi. Hatuwezi kuwalaumu. Tunaweza tu kufanya kazi hii kwa namna ambayo watakaposoma hesabu zake watajiona walikuwa na haki kuuliza, na sasa wamejibiwa.

Basi tuanze na lengo, kwa sababu timu isiyojua mwisho wa kazi yake haijui pia lini imeshindwa.

Kazi tuliyopewa ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni paa, dari na maji: kubandua mabati yote ya zamani, kubadilisha mbao zilizoliwa na mchwa, kuezeka upya, kufunga mifereji ya kukinga maji na kuweka tangi la lita 5,000. Sehemu ya pili ni chumba cha kujifungulia: sakafu mpya, plasta, sinki la kunawia na rangi inayoweza kuoshwa. Sehemu ya tatu ni shimo la kondo la nyuma na kichomea taka, ambavyo kwa sasa havitumiki, na taka zinachomwa katika shimo la wazi ambalo watoto wanapita karibu nalo wakienda shule.

Mchanganuo wa gharama, uliopitiwa na mhandisi wa Halmashauri, unasema hivi. Sehemu ya kwanza ni shilingi 20,800,000. Sehemu ya pili ni shilingi 9,800,000. Sehemu ya tatu ni shilingi 4,300,000. Kwa kila sehemu tumeongeza asilimia 10 ya dharura, kwa sababu nyumba ya zamani haisemi maradhi yake yote mpaka uifungue. Jumla ni shilingi 38,390,000. Mpaka leo asubuhi akaunti yetu ya benki ina shilingi 27,150,000. Tunapungukiwa shilingi 11,240,000.

Hapa ndipo ubishi wetu wa jana usiku ulipokuwa mrefu, na ni vizuri tuueleze. Akina mama wa kijiji walisema, na walisema kwa nguvu, tuanze na chumba cha kujifungulia, kwa sababu ndicho kinachowaumiza. Ndugu zetu wengine wa mjini walisema tuanze na plasta na rangi ya nje, ili wachangiaji waone mabadiliko kwenye picha na wachange zaidi. Sisi wa fedha tulimwomba fundi mkuu aeleze. Alitupeleka ukutani akatuonyesha mahali plasta ilipovimba, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikatoa sauti ya kitu kitupu ndani. Maji yanaingia juu kwenye kofia ya paa, yanashuka ndani ya ukuta, yanaisukuma plasta kutoka nyuma. Ukiweka plasta mpya hapo leo, mwakani itaanguka. Ukipaka rangi juu yake, itatoka kwa magamba. Akina mama wenyewe walikuwa wa kwanza kukubali. Mmoja alisema, "Nani anafua nguo halafu anaianika chini ya paa linalovuja?" Ubishi ukaisha hapo.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya kazi hii ni kwamba paa linatangulia. Na amri ya pili inaifuata: hatuanzi sehemu yoyote ambayo fedha zake zote, pamoja na dharura yake, hazijafika benki. Sehemu ya kwanza pamoja na dharura ni shilingi 22,880,000. Fedha hiyo tunayo. Itabaki shilingi 4,270,000. Sehemu ya pili inahitaji shilingi 10,780,000, maana yake tunatakiwa kupata shilingi 6,510,000 zaidi kabla nyundo haijagusa sakafu ya chumba cha kujifungulia. Zisipopatikana, chumba kitabaki kama kilivyo, lakini kikavu. Hilo ni afadhali kuliko kukibomoa halafu kukiacha, mama akose hata kile kitanda cha kusogeza.

Sasa tuje kwenye majira, kwa sababu huku kwetu kalenda hatuiandiki sisi, inaandikwa na mvua na kahawa. Sasa ni Aprili, mvua bado zipo na barabara ya huku juu bado inateleza. Mwezi Mei mvua zinapokatika, kahawa inaanza kuiva, na kuanzia Juni hakuna mtu mwenye mikono miwili mitupu katika kijiji hiki mpaka Septemba. Kwa hiyo nguvu kazi ya wananchi, yaani kusomba mchanga, mawe na kokoto, tunaomba ifanyike yote katika wiki za katikati na mwisho wa Mei, kwa zamu za vitongoji alizopanga Mtendaji. Baada ya hapo hatumwiti mtu tena kutoka kwenye kahawa yake. Paa litafunguliwa katikati ya Juni, litafungwa kabla Agosti haijaisha. Mifereji na tangi viwe tayari kabla ya Novemba, mvua zikianza zikute pa kuingia.

Ndugu zetu, tangi hilo si pambo. Hesabu yake ni rahisi, kila mmoja anaweza kuifanya. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, inatoa lita moja ya maji. Paa letu lina mita za mraba 200 hivi. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inatoa lita 4,000, na hata nyingine zikimwagika, tangi linakaribia kujaa kwa mvua mbili. Leo mama anayekuja kujifungua anakuja na ndugu yake amebeba ndoo ya maji kichwani, kupanda kilima. Tukifunga mifereji vizuri, miezi yote ya mvua ndoo hiyo itabaki nyumbani. Kiangazi tangi litakauka, hatuwadanganyi. Kwa kiangazi bado tutahitaji bomba, na hilo ni la mwaka mwingine.

Tugawane kazi sasa. Tunaomba kila anayetajwa asikilize mambo mawili: anachofanya, na asichoruhusiwa kufanya. La pili ni muhimu kama la kwanza.

Mganga Mfawidhi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wagonjwa. Zahanati haitafungwa hata siku moja. Fundi atafungua nusu ya paa, upande wa wagonjwa wa nje kwanza, na huduma zitahamia nusu ya pili; akimaliza ndipo anahama. Halafu habandui mabati mengi kuliko anayoweza kuyafunika kabla ya jua kuzama, hata kama mbingu ni nyeupe. Friji ya chanjo haiguswi na mtu yeyote isipokuwa mganga na muuguzi. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na zikipata joto, au zile zisizotakiwa kuganda zikiganda, hazionyeshi kwa macho kwamba zimekufa. Mtoto anachomwa sindano ya maji. Siku ya kuhamisha friji ipangwe na mganga pamoja na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga akisema "simameni", kazi inasimama, na hakuna wa kumuuliza kwa nini mpaka mgonjwa ahudumiwe. Lakini mganga haagizi vifaa wala hamlipi fundi.

Mhandisi wa Halmashauri ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ubora. Jengo hili ni mali ya umma. Tuna barua ya Mkurugenzi ya kuturuhusu, na barua hiyo inasema kazi ikaguliwe mara tatu: mbao zikishafungwa kabla ya bati kupanda, paa likiisha, na mifereji ikiisha. Bati likipanda kabla mhandisi hajaona mbao, fundi atalishusha kwa gharama yake. Tumeandika hivyo kwenye mkataba na fundi mwenyewe amesaini akicheka.

Kamati ya manunuzi ni watu watatu, wote wanakaa Mbinga mjini, karibu na maduka. Kazi yao ni kuchukua bei kutoka maduka yasiyopungua matatu, kuziandika, kuchagua, na kueleza kwa maandishi kwa nini wamechagua duka hilo. Bei ya chini kabisa si lazima ishinde, lakini asiyeichukua aseme sababu. Hawapokei mzigo. Hawashiki fedha taslimu.

Kamati ya mapokezi ni watu watatu wa hapa kijijini, na mmoja ni mama aliyechaguliwa na akina mama wenzake. Hawa ndio tunaowategemea kuliko wote, na kwa hiyo tutakaa kwao kidogo. Gari likifika, kamati hii inashika nakala ya hati ya kuagiza, inalinganisha na mzigo, inahesabu moja moja, kisha inasaini hati ya kupokelea mali. Isiposaini, malipo hayatoki. Na kusaini si kuhesabu tu. Tutoe mfano wa mabati, kwa sababu ndiyo fedha kubwa kuliko zote.

Tumeagiza mabati 140 ya geji 28. Katika mabati, namba ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kwa macho, yakiwa yamepangwa kwenye gari, huwezi kuyatofautisha, na bei yake inatofautiana vya kutosha mtu kushawishika. Kwa hiyo kamati ya manunuzi italeta kipande cha mfano kutoka dukani, kimesainiwa na mwenye duka, kikae stoo. Mzigo ukifika, kwanza someni maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe. Pili, chukueni mabati matano kutoka sehemu tofauti, la juu, la kati na la chini kabisa, si matano ya juu. Myapime kwenye mizani ya kahawa ya Amkosi, ambayo wamekubali kutuazima. Mabati ya urefu mmoja na geji moja uzito wake unalingana. Likitokea jepesi waziwazi, geji si ile. Tatu, linganisheni na kile kipande cha mfano, mkikikunja pembe na kulikunja pembe la bati jipya. Mkiona tofauti, msigombane na dereva, yeye kabeba tu. Msipakue. Mpigieni simu mwenyekiti wa manunuzi, na gari lirudi na mzigo. Gharama ya kurudi ni ya muuzaji, imeandikwa kwenye hati ya kuagiza. Mkishapakua na kusaini, bati hilo ni letu, likiwa jembamba kama karatasi.

Mtunza stoo ni mmoja, na si mjumbe wa kamati yoyote niliyo... tunayoitaja hapa. Ana ufunguo mmoja, wa pili uko kwa Mtendaji ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ana leja ya stoo yenye safu nne tu: kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua na kilichobaki. Fundi hachukui hata msumari bila kusaini. Saruji tutaileta kwa mafungu, mifuko 20 kwa safari moja, si 80. Itapangwa juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni kiasi cha kiganja kimoja, mbali na ukuta kiasi ambacho mkono unapita, isizidi mifuko 10 kwenda juu. Iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Kila Jumatatu mtunza stoo abonyeze mifuko: ukikuta bonge linalovunjika kwa vidole, saruji hiyo itumike kwanza na mapema, ukikuta bonge lisilovunjika kwa vidole, mfuko huo utolewe, uandikwe kwenye leja, na usiingie kwenye kazi yoyote, hata ya kujazia.

Fundi mkuu anaongoza mafundi na vibarua wake, na ndiye pekee anayewapangia kazi. Wajumbe tunaopita njiani tukaona kitu hakitupendezi, tumwambie mwenyekiti wa ujenzi. Tusimwelekeze fundi wala kijana wake. Fundi akipokea amri kutoka kwa watu 11, paa litakuwa na pembe 11. Uchanganyaji wa vifaa pia tumekubaliana upimwe kwa ndoo, si kwa sepetu, kwa sababu sepetu ya asubuhi na sepetu ya saa tisa mchana hazilingani. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu za lita 20. Kwa plasta ya moja kwa nne, mchanga wake ni ndoo saba. Mtu yeyote anayepita anaweza kuhesabu ndoo saba.

Malipo ya ufundi wa paa ni shilingi 3,600,000, na hayalipwi kwa siku wala kwa wiki. Yanalipwa kwa hatua. Hatua ya kwanza, mafundi wakishafika na nusu ya kwanza ya mabati ya zamani ikishashuka na kuhesabiwa, shilingi 720,000. Nusu ya kwanza ikishaezekwa na mwenyekiti wa ujenzi na mganga wakasaini, shilingi 1,260,000. Nusu ya pili vivyo hivyo, shilingi 1,260,000. Inabaki asilimia 10, shilingi 360,000. Hiyo tunaishikilia mpaka mvua kubwa za mwanzo zipite, mwisho wa Desemba. Paa likivuja, fundi anarudi kuziba kisha analipwa. Lisipovuja, analipwa siku hiyohiyo. Sisi wahasibu tunakagua karatasi, lakini paa mkaguzi wake ni mvua, na hana upendeleo.

Na sisi wa fedha tuna mipaka yetu pia. Tunalipa, hatuagizi wala hatupokei. Kila malipo yanahitaji karatasi tatu zilizobanwa pamoja: hati ya kuagiza, hati ya kupokelea iliyosainiwa na watu watatu, na risiti ya EFD kutoka dukani. Ikikosekana moja, hatulipi, hata kama aliyetupigia simu ni mjomba. Fedha inatoka benki kwenda kwenye akaunti ya duka au ya fundi. Haipiti kwenye simu ya mjumbe yeyote, wala ya kwetu. Vitu vidogo vidogo, kama misumari iliyopungua au nauli ya bodaboda, vitatoka kwenye fungu dogo la shilingi 200,000 lililoko kwa katibu, na halijazwi tena mpaka alete vocha za lile la kwanza. Kila Jumamosi tutatuma kwenye kundi letu la Wasapu picha ya leja ya stoo na orodha ya malipo ya wiki. Karatasi hiyohiyo itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa sababu si kila aliyesomba mchanga ana simu ya kuonyesha picha.

Mchanga huo pia tutauandika. Kila toroli na kila mzigo wa mawe utaandikwa kwa kitongoji, ukathaminishwa kwa bei ya kuununua, na utatokea katika hesabu za mwisho kama mchango. Mama aliyebeba ndoo 40 za mchanga na ndugu aliyetuma fedha kutoka mjini wataonekana katika ukurasa mmoja.

Mabati ya zamani nayo yana hesabu. Yatahesabiwa yakishuka, yatakaa stoo, na mkutano mkuu wa kijiji ndio utakaoamua kama yatauzwa au yataezeka choo cha wahudumu. Mtu asije akaliona bati la zahanati juu ya banda la nguruwe la mjumbe.

Mwisho, tukikosana. Na tutakosana, kwa sababu ni watu. Mzozo wa ufundi anaamua mhandisi. Mzozo wa fedha unaletwa kwenye kikao cha wiki, Jumatano saa kumi jioni, hapa hapa, dakika zisizozidi 60, mihutasari isomwe na kusainiwa siku hiyo. Mambo hayaamuliwi kwenye kundi la simu usiku wa manane. Wazee wetu wa Kimatengo walikuwa na sengu: watu walikaa pamoja, wakala pamoja, wakasemezana mambo ya ukoo ana kwa ana. Tunaomba kazi hii tuifanye kwa namna hiyo. Mwenye neno alilete kikaoni, aliseme mbele ya anayemhusu.

Ndugu zetu, kabla hatujaondoka leo tunaomba mambo matatu yaishe. Wajumbe wa mapokezi wasaini majina yao na kufanya mazoezi ya kujaza hati moja, tumekuja nazo. Mtendaji asome zamu za vitongoji za mwezi Mei. Na fundi mkuu, pamoja na mwenyekiti wa ujenzi, wapande sasa hivi wafungue dari katika sehemu tatu, wachome mbao kwa bisibisi, watuambie zilizoliwa na mchwa ni ngapi. Bisibisi ikizama kama kwenye ugali, mbao hiyo inabadilishwa. Tunataka kujua idadi hiyo leo, wakati fungu la dharura bado ni zima, si mwezi Juni paa likiwa wazi.

Kwa wale wasiokuwepo ambao watasoma maneno haya: kilichobaki kutafutwa ni shilingi 6,510,000 kwa chumba cha kujifungulia na shilingi 4,730,000 kwa shimo la kondo na kichomea taka. Hatuwaombi mtuamini kwanza. Ngojeni Jumamosi ya mwisho wa Juni mwone leja ya stoo, halafu mwamue.

 Ngazi iko nje, fundi, twende.